Watoto wanaimba namba vizuri, ukiwauliza "ngapi?" wanakwama

"Wakuu, naandaa katuni ya watoto wa miaka 3 hadi 4. Lengo la kipindi ni kuhesabu 1 hadi 5. Wahusika ninao, wimbo ninao, na watoto wanauimba wote. Lakini ukiwawekea vitu ukawauliza viko vingapi, hawajibu au wanaanza kuhesabu upya. Nimekosea wapi?"

Mkuu, hapo una malengo matatu ndani ya kipindi kimoja: kujua namba zinavyofuatana, kugusa kila kitu mara moja tu, na kujua kwamba namba ya mwisho uliyoitaja ndiyo idadi ya vyote. Wimbo wako umefundisha la kwanza, swali lako linapima la tatu. Chagua la tatu uliandike hivi: "Baada ya kuhesabu vitu visivyozidi vitano, mtoto anajibu 'ngapi?' bila kuhesabu tena."

Kisha hadithi ikwame kwenye jambo hilo hilo. Tuseme Tumbili ni mwenye papara na Kobe ni mtaratibu, na watoto wameshawazoea. Wageni watano wanakuja kula. Tumbili anahesabu sahani sawasawa, moja hadi tano, kila moja anaigusa. Kobe anamwambia, "Lete sahani tano." Tumbili anabeba ile ya mwisho tu, kwa sababu ndiyo aliyoigusa akisema "tano"! Wapo watoto wa umri huo wanaofikiri hivyo kweli, kwamba tano ni jina la kile kitu cha mwisho. Kobe anahesabu naye tena, na akifika mwisho anazungusha mkono kuzizunguka sahani zote: "Zote tano." Usiingize kichekesho cha kuhesabu sahani moja mara mbili. Kinachekesha, ila hilo ni lengo la pili, kiwekee kipindi chake. Wageni nao wakae kimya, maana mhusika mpya akianza kusema mtoto anaanza kumchunguza yeye na sahani anazisahau.

Nimechagua sahani makusudi. Sahani moja, mbili, tatu, nne, tano: namba zinabaki zilezile anazozisikia akihesabu. Ukitumia vikombe, anahesabu "mbili" halafu anaambiwa "viwili". Kwa mayai ni "mawili". Mtu mzima hata hashtuki, lakini mtoto wa miaka mitatu amepewa kazi mbili kwa mpigo. Sahani, ndizi, chapati au nazi zitakuondolea shida hiyo.

Sasa wimbo. Kama katuni yako ni ya fremu 25 kwa sekunde, weka mapigo 100 kwa dakika, kwa sababu kila pigo litaangukia fremu 15 kamili na mchoraji hatahangaika mkono ukichelewa. Kila namba ichukue mapigo mawili, yaani fremu 30, na kidole kiguse sahani kwenye fremu ya kwanza. Namba moja kwa pigo moja ni haraka mno, kidole cha mtoto kinaachwa nyuma na mdomo. "Nne" ipe noti mbili, na uzito uwe kwenye "n" ya kwanza. Ikibanwa kwenye noti moja inamezwa. Ubeti unakuwa hivi:

Moja, mbili, tatu, nne, tano,
zote ngapi?
(mapigo manne, ngoma peke yake)
Zote tano!

Hiyo ni sekunde 12. Ubeti wa pili uwe na sahani tatu, wa tatu nne. Beti zote zikiishia tano, mtoto anakariri kwamba jibu la "ngapi?" ni "tano".

Kimya cha katikati ndicho wahariri hupenda kukikata. Wakatalie. Kwenye mazungumzo ya kawaida nenda hadi sekunde nne: Kobe anatazama kamera, hatikisiki, muziki umezimwa. Kitu chochote kikicheza nyuma yake, mtoto atakitazama hicho badala ya kujibu.

Kuimba kwao kusikudanganye, kunaonyesha wameupenda wimbo tu. Wakati kipindi cha watoto cha Sesame Street kinaandaliwa, mtafiti wake Edward Palmer aliweka pembeni ya televisheni slaidi zilizobadilika kila sekunde 7.5, akaandika mtoto anageuka saa ngapi. Njia hiyo inakuonyesha sehemu inayochosha, lakini kuelewa unakupima peke yake. Mchukue mtoto mmoja mmoja, kabla ya kipindi na baada yake. Weka mbegu nne, hesabuni pamoja, zifunike kwa kitambaa, uliza "Ngapi?" Akifunua kitambaa ahesabu upya, lengo halijafika, rudi pale Tumbili anapoleta sahani moja, huenda pamepita haraka. Akijibu "tano", kosa liko kwenye wimbo.