Methali kwenye kadi ya hongera: ipi inakaa, ipi inahubiri

"Wadau, mdogo wangu wa kike anahitimu chuo wiki ijayo, na mimi ndiye niliyeachiwa kuandika maneno ya familia kwenye kadi. Nikiweka methali najiona nahubiri, nikiziacha ujumbe unakuwa mkavu. Nyie mnafanyaje?"

Mkuu, mimi nina steshenari Tanga, na msimu wa mahafali na harusi nachapa kadi hadi usiku. Watu huja na maneno yao kwenye karatasi, wengine huja mikono mitupu wakasema "andika tu kitu kizuri". Kwa hiyo methali za hongera nimeziona za kila namna, na za kuharibu nimeziandika mwenyewe.

Nianze na yangu. Shemeji yangu alijifungua kwa upasuaji, nikamtumia ujumbe siku ya pili: "Hongera sana shemeji. Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi kulea." Nilijiona nimeandika. Akajibu: "Asante shemeji. Wakinitoa nyuzi nitaanza kazi." Mpaka leo nikienda kwake ananikaribisha kwa hiyo methali.

Kosa halikuwa kwenye methali, maana ni ya kweli kabisa. Lakini ilimwelekeza mbele, kwenye kazi inayomsubiri, wakati yeye ndiyo kwanza ametoka kwenye kazi nyingine, tena ikaiita hiyo si kazi. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachoangalia ni methali inatazama wapi. Inayotazama nyuma, kwenye jambo ambalo mtu amekwisha kulifanya, inampongeza. Inayotazama mbele inampa agizo, hata ukiipamba kwa maua na utepe.

Chukua "Chanda chema huvikwa pete". Bibi harusi akiisoma hapewi sharti lolote. Kidole kimeshaonekana ni chema, ndiyo maana kimevikwa. Au "Mchumia juani hulia kivulini" kwa mtu anayestaafu au anayehamia nyumba aliyoijenga kidogo kidogo: jua limeshamchoma, sasa akae kivulini. Halafu linganisha na "Elimu haina mwisho", ambayo naichapa kila msimu wa mahafali. Mtoto amekesha miaka 3, amevaa joho kwa mara ya kwanza, na wewe unamwambia hajafika. Zile zinazoanza na "asiye", "usipo" au "mwacha" ndiyo usizisogeze kabisa karibu na kadi. Zimeundwa ziwe onyo, na onyo halibadiliki kuwa pongezi kwa kutanguliziwa neno hongera.

Nyuma nako kuna mtego wake. Niliwahi kuwa ukumbini MC anasoma salamu, akafika kwenye kadi iliyoandikwa "Kawia ufike". Bibi harusi alikuwa ameolewa kwa umri ambao watu walishaanza kuusemea pembeni. Aliyeandika alikuwa na nia njema, nina hakika. Lakini ukumbi ulicheka, na bibi harusi akainamisha uso akawa anatengeneza shela ambalo halikuwa na tatizo. Methali ilikuwa imemhesabia miaka mbele za watu. Ndivyo ilivyo na "Mvumilivu hula mbivu" kwa mama aliyepata mtoto baada ya kungoja muda mrefu. Ikiwa yeye mwenyewe husema "nilivumilia", sawa. Ikiwa halizungumzi, usimfungulie wewe, tena kwenye kundi la WhatsApp lenye mawifi wote.

Jambo la pili ni nani anamwambia nani. Methali ina sauti ya mkubwa, hata ikitoka kwenye mdomo wa mdogo. Kijana mmoja aliniletea kadi ya kumpongeza mkuu wake wa kazi aliyepandishwa cheo, ndani ameandika "Cheo ni dhamana". Maneno mazuri, yamo kwenye ahadi za mwana-TANU, wazazi wetu waliyakariri. Nikamuuliza, bosi wako akisoma hapa atadhani unamshuku nini? Akakaa kimya, kisha akasema tuandike hongera tu. (Bora hakuchagua "Mpanda ngazi hushuka". Na hiyo nimewahi kuletewa.)

Kinamama wanalijua hili kuliko sisi. Mwambie mama achague kanga ya zawadi: anasoma jina kabla hajatazama rangi. Kanga iwe nzuri vipi, kama jina ni "Hasidi hana sababu" haiingii kwenye zawadi ya harusi, kwa sababu watu wataanza kumtafuta hasidi ni nani. Mimi hujiuliza vivyo hivyo: maneno haya yangekuwa jina la kanga, ningempa mtu huyu ajifunge mbele za watu?

Sasa kazi yenyewe. Mwaka juzi alikuja bibi mmoja muuza vitumbua, mjukuu wake anamaliza diploma ya uuguzi. Karatasi yake ilisema: "Mjukuu wangu hongera. Elimu ni bahari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usisahau ulikotoka, mwacha mila ni mtumwa." Methali tatu na mjukuu hayumo. Unaweza kumpa mhitimu yeyote ukumbini na ikamfaa, na hapo ndipo ukavu unapotoka, siyo kwenye kukosa methali.

Nikamwomba anisimulie kitu kimoja anachokikumbuka. Akasema kijana alikuwa akisomea jikoni saa 10 alfajiri, yeye akikaanga, ili usingizi usimchukue, na madaftari yake yote yalikuwa na madoa ya mafuta. Tukaandika hivi:

"Mjukuu wangu, wengine leo wanaona joho. Mimi naona daftari lenye mafuta ya vitumbua. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hongera. Bibi yako."

Tazama methali ilivyokaa. Imekuja baada ya daftari, ndiyo maana haihitaji kufafanuliwa. Ingetangulia, msomaji angejiandaa kusikiliza hotuba. Tungeongeza "yaani mafanikio hutokana na juhudi", tungeimaliza kabisa. Na imeshikana na jambo lenyewe: kuunda ni kazi ya fundi wa vyombo vya baharini, na vinavyoelea ni hivyo vyombo. Watu wanaona jahazi likiwa majini, yeye bibi aliona mbao zikipigiliwa misumari. "Penye nia pana njia" isingefanya kazi hiyo.

Bibi hakuridhika moja kwa moja, alitaka "mwacha mila" irudi. Nikamwambia hana haja ya kuichapa. Akafikiri, akasema, "Haya, hiyo nitamwambia kwa mdomo." Na yeye ana haki ya kumwambia, ndiye aliyemlea.

Kingine, kama kadi yako itasomwa na MC, unaweza kuiacha methali nusu. "Mcheza kwao..." ikitamkwa, ukumbi mzima unaitikia "hutunzwa!" na watu wanaanza kuinuka na noti. Kwenye karatasi inayosomwa kimyakimya hakuna wa kuitikia, kwa hiyo ikamilishe.

Kwa kuwa kadi yako ni ya familia, na wazazi wamo, una nafasi ya methali moja ya kikubwa ambayo wewe peke yako usingeitumia. Moja tu. Mstari wa kwanza uwe kitu alichokifanya yeye, ambacho mtu wa nje hawezi kukijua. Uliza mama yako leo jioni, halafu kilete hapa tukitafutie methali yake.