Kumfikia mtu mmoja katika kundi la watu mia mbili bila kulijaza kundi

Swali: "Wakuu, mimi ni katibu wa kikundi huku Bahi na kundi letu la WhatsApp lina watu zaidi ya mia mbili. Nikimhitaji mtu mmoja ujumbe unazama, nikiurudia wenzangu wanasema najaza kundi. Ninyi mnafanyaje?"

Mkuu, mimi pia ni katibu, wa wakulima wa zabibu upande wa Mpunguzi, na kundi letu nalo limevuka watu mia mbili. Kwa muda mrefu niliamini kwamba natumia alama ya @ ipasavyo, mpaka msimu mmoja wa Agosti uliponionyesha kuwa nilikuwa napiga kelele tu.

Siku hiyo wakulima watatu walikuwa wamekwisha kukata zabibu na kuzipanga kwenye kreti chini ya mkwaju, wakitegemea gari saa nne asubuhi. Mmoja wao akauliza kundini, "Gari la leo lipo?" Nami, nikiwa juani na haraka zangu, nikateleza kidole juu ya swali lake ili kulinukuu, nikaandika, "@dereva wajibu hawa," nikatuma na kuendelea na shughuli. Dereva aliuona ujumbe huo jioni. Zabibu zililala nje, asubuhi vikonyo vikawa vimelegea, na mnunuzi akapunguza bei. Wa kulaumiwa hakuwa dereva, kwa kuwa ujumbe wangu ulikuwa na makosa mawili, na kwa pamoja yalitosha kumkosa.

Kosa la kwanza ni kwamba jina lile halikuwa limetajwa kweli. Ukiandika @, WhatsApp hufungua orodha ya wanachama, nawe unapaswa kumgusa mtu ndani ya orodha hiyo. Ukimaliza neno kwa mkono bila kumchagua, unabaki na maandishi ya kawaida ambayo hayampelekei mtu yeyote taarifa ya kutajwa. Dalili yake huonekana kwa macho baada ya kutuma: jina lililotajwa kweli hubadilika rangi, na ukiligusa hufungua maelezo ya mtu huyo, lisilo la kweli lina rangi ileile ya maneno mengine. Orodha hiyo hufuata majina uliyoyahifadhi kwenye simu yako, kwa hiyo kama dereva umemhifadhi kwa jina la "Fuso Mpunguzi", tafuta "Fuso". Usiwe na wasiwasi na jina hilo la ajabu, maana kila msomaji huliona kwa jina alilomhifadhi yeye. Jambo la kuangalia zaidi ni mtu mwenye laini mbili ambazo zote zimo kundini. Mguse kwa namba ambayo anaitumia sasa.

Kosa la pili ndilo ambalo wengi hawalitambui. Unapojibu kwa kunukuu, taarifa ya kujibiwa humwendea mwenye ujumbe ulionukuliwa, si mtu unayemkusudia moyoni. Mimi nilinukuu swali la mkulima, basi simu ya mkulima ndiyo iliyolia, ilhali yeye ndiye aliyekuwa akisubiri jibu. Kanuni ninayoifuata tangu siku hiyo ni nyepesi: ikiwa jambo linatokana na ujumbe alioutuma mhusika mwenyewe, namnukuu na simtaji, kwa sababu nukuu inatosha kumfikia, ikiwa linatokana na ujumbe wa mtu mwingine, nanukuu ujumbe huo ili habari yake ionekane, kisha namtaja mhusika ndani ya jibu.

Kutajwa na kujibiwa kuna nguvu kwa sababu taarifa yake humfikia hata mtu aliyezima sauti ya kundi, na hata aliyelisukumia kwenye Archived. Kwenye orodha ya mazungumzo yake kundi huwekewa alama ya @, na akilifungua hupata kitufe cha kumrusha moja kwa moja hadi mahali alipotajwa, bila kupitia salamu na picha mia. Lakini elewa kwamba kumtaja mmoja hakuwanyamazishii wengine: wale ambao hawajazima sauti wataupata ujumbe wako kama ujumbe mwingine wowote. Ndiyo maana heshima kwa kundi ni kutuma ujumbe mmoja uliokamilika, badala ya vipande vitano vya "habari", "upo?", "samahani".

Huu hapa ni ujumbe niliomtumia dereva yuleyule msimu uliofuata, nikiwa nimenukuu swali la mkulima:

"@Fuso Mpunguzi kesho Jumanne kreti 46, njia panda ya zahanati. Unafika saa 2 au saa 4 asubuhi? Jibu hapa kabla ya saa 12 jioni."

Jambo lenyewe nililiweka mwanzoni kwa kuwa taarifa kwenye kioo cha simu huonyesha maneno ya kwanza tu, na dereva akiwa njiani huamua kwa maneno hayo kama asimame au asisimame. Swali lina majibu mawili ya kuchagua, hivyo aliweza kujibu kwa neno moja. Muda wa mwisho uliwatuliza wakulima pia, kwani walijua ni lini wategemee jibu, na hakuna aliyeuliza tena. Yeye naye alijibu kwa kuunukuu ujumbe wangu, "Saa 4," na waliochelewa kuingia waligusa nukuu hiyo wakarudishwa kwenye swali lenyewe. Tumekubaliana pia kwamba aliyeelewa aweke dole gumba juu ya ujumbe badala ya kuandika "sawa", kwa kuwa alama hiyo humpelekea taarifa mwandishi wa ujumbe peke yake.

Hapo nilimtaja mmoja tu, ingawa utingo wake na mwenye gari wamo kundini. Nilikwisha kujaribu kuwataja watatu pamoja, na kila mmoja akadhani mwenzake atajibu.

Ukigundua umesahau kumtaja mtu, usitegemee kuhariri. WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15, lakini ujumbe uliohaririwa hautumi taarifa mpya. Ninachofanya ni kuunukuu ujumbe wangu mwenyewe na kuandika mstari mmoja, "@Fuso Mpunguzi hili ni lako."

Akikaa kimya, kabla ya kumtaja mara ya pili bonyeza ujumbe wako kwa muda kisha ufungue Info. Usihukumu kwa tiki zinazoonekana chini ya ujumbe, kwa sababu kundini hazigeuki bluu mpaka wanachama wote wasome. Kwenye Info utaona waliosoma na waliofikiwa tu, na kundini mtu hawezi kuficha kwamba amesoma. Jina lake lisipokuwepo popote, huenda simu imezimwa au bando limekwisha, na kumtaja mara kumi hakutamfikia: piga simu ya kawaida. Akiwa amefikiwa lakini hajasoma, huenda amezima taarifa za WhatsApp nzima, au amekuzima wewe binafsi. Hapo pia piga. Akiwa amesoma na hajajibu, usimbane mbele ya watu. Mimi hufungua ujumbe wake wa mwisho kundini, nikachagua Reply privately, na mara nyingi hapo ndipo hunieleza kwamba gari lina pancha na hakutaka kulitangaza.