Kabla hujampaka mafuta ya mise, fungua mikunjo

Mwanangu wa pili alizaliwa Juni, kiangazi, na hadi Oktoba ngozi yake haikuwa na doa. Mvua zilipoanza, hapa kwetu Ujiji hewa ikawa nzito, nguo unazianua jioni zikiwa bado na unyevu. Wiki hiyo shingo ya mtoto ikajaa vipele vidogo vyekundu kama punje za ulezi. Mgongoni na kifuani vilevile, hasa pale kanga ya kumbebea inapombana.

Mama mkwe alitazama mara moja akasema, "Hiyo harara." Hakukosea. Tulikosana kwenye dawa, kwa sababu yeye alileta chupa ya mise, yale mafuta meusi ya kokwa za mchikichi ambayo kila mtoto wa Kigoma amepakwa. Nikampaka asubuhi na jioni, vipele vikazidi. Harara ni jasho lililozibiwa njia ya kutokea, na mafuta mazito yanaiziba zaidi. Nilipoyaacha, nikawa namwogesha maji ya uvuguvugu yanayokaribia kupoa, namkausha kwa kumgusagusa na kitambaa bila kusugua, kisha namlaza mkekani karibu na mlango akiwa na kifulana chepesi cha pamba tu. Siku mbili vipele vikanywea. Poda sikutumia, vumbi lake mtoto analivuta kifuani.

Kilichonipa shida hasa kilikuja baadaye kidogo. Alipata kifua, akaandikiwa amoksilini, na dawa ikamlegeza tumbo. Kwa kuwa nepi za kitambaa hazikauki msimu huu, nilikuwa namvalisha pampasi usiku mzima. Matako yakawa mekundu. Nikajua ni mkojo na choo vimemchubua, nikafanya kile nilichofanya kwa dada yake: kumbadilisha kila baada ya saa mbili au tatu na mara tu akichafua, kumsafisha kwa maji matupu, kumwacha uchi kwa dakika 15 hivi apigwe na hewa, halafu kumpaka krimu ya zinki kwa unene wa kutosha. Dada yake alikuwa akipona kwa siku mbili au tatu. Huyu siku ya tatu ndiyo kwanza wekundu ulikuwa umepanda hadi kinenani, na kila nikimgusa analia.

Kliniki, nesi hakuangalia matako kwanza. Alimkunjua miguu, akafungua mkunjo wa paja kwa vidole viwili. "Mama, njoo uone. Mkojo hauchomi humu ndani." Akanieleza kwamba nepi inachubua pale inapogusa, yaani matakoni, sehemu za siri na tumboni chini, lakini ndani ya mikunjo kwa kawaida hubaki salama. Kwa mwanangu ndani ya mkunjo ndiko kulikokuwa kubaya zaidi: wekundu wa kukolea kama nyama mbichi, kingo zake zikionekana wazi, na nje ya kingo hizo vidoa vyekundu vimetawanyika kama vifaranga waliomwacha mama yao. Vidoa vile ndiyo alama ya fangasi. Akamfungua na mdomo, akitafuta utando mweupe usiotoka kirahisi ukiufuta, maana fangasi huyo huyo hukaa mdomoni. Haukuwepo. Kisha akaniuliza kama mtoto ametumia antibiotiki. Zinaua na bakteria wazuri wanaomzuia fangasi, na joto la ndani ya pampasi linamaliza kazi.

Tukapewa krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, mara mbili kwa siku. Unaanza na ngozi iliyokauka kabisa, unapaka klotrimazoli nyembamba hadi ndani ya mikunjo, halafu zinki juu yake. Mimi nilikuwa nitangulize zinki, na dawa isingefika kwenye ngozi. Siku ya nne wekundu ulikuwa umefifia sana, lakini nesi alikuwa amenionya nisiache mara tu panapong'aa, niendelee siku kadhaa, la sivyo fangasi anarudi.

Duka la dawa jirani walikuwa wameshaniuzia tyubu ya "mchanganyiko" wa dawa tatu, na ndani yake kulikuwa na steroidi kali. Nesi aliiweka kando. Chini ya nepi ngozi inainyonya sana na inakuwa nyembamba.

Nepi za kitambaa sasa nazisuuza hadi maji yasiwe na povu, maana mabaki ya sabuni nayo yanachubua, na ikinyesha nazikausha kwa pasi ya mkaa. Pampasi naifunga kidole kikiweza kupita kiunoni.

Ukiona usaha, malengelenge au ngozi inayochunika, au mtoto ana homa au amekataa kunyonya, usianze na krimu yoyote. Mpeleke siku hiyohiyo. Na wewe mama, chuchu zikikuwaka moto wakati mtoto ana utando mdomoni, sema hapo hapo kliniki mtibiwe wote wawili.