"Huvunja namba" au "hutafuta kipindi"?

SWALI: Mwalimu, katika makala niliyotafsiri nimeandika: "Kompyuta ya kwanta huvunja namba kubwa katika vigawe vyake." Mhariri amefuta "huvunja", akaweka "hutafuta kipindi". Kipindi si cha redio au cha darasani? Nani kati yetu yuko sahihi? (Mfasiri, Morogoro)

JIBU: Kwenye kitenzi, mhariri amepatia. Kazi unayoisema ina hatua kadhaa, na kompyuta ya kwanta inahitajika kwenye moja tu.

Chukua 21. Chagua namba isiyo na kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1, tuseme 2, kisha uipandishe vipeo kimoja baada ya kingine, kila mara ukigawanya kwa 21 na kubakiza baki. Utapata 2, 4, 8, 16, 11, 1, halafu 2, 4, 8 tena. Mabaki yanajirudia kila baada ya hatua 6, na hiyo 6 ndiyo kipindi. Neno hili linafaa kabisa, kwa sababu linataja urefu wa mzunguko mmoja kabla mambo hayajaanza upya. Ukiandika "muda", msomaji atadhani tunapima sekunde.

Ukishakuwa na kipindi, kilichobaki ni hesabu ya kalamu na karatasi. Nusu ya 6 ni 3, na 2^3 ni 8. Toa 1 upate 7, ongeza 1 upate 9. Zao la 7 na 9 ni 63, ambayo inagawanyika kwa 21, ilhali 7 peke yake haigawanyiki kwa 21, wala 9. Basi lazima vigawo vya 21 vimegawana: kimoja kimo ndani ya 7, kingine ndani ya 9. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha 7 na 21, ni 7. Cha 9 na 21, ni 3. Kazi imekwisha. Njia hii ya kutoka kwenye kipindi kwenda kwenye vigawo ilionyeshwa na Gary Miller mwaka 1976, bila kwanta yoyote.

Si kila chaguo huleta matunda. Ukianza na 4, kipindi ni 3, namba witiri, nayo haina nusu kamili. Ukianza na 5, kipindi ni 6, lakini 5^3 huacha baki 20. Ukiongeza 1 unarudi kwenye 21 yenyewe, ukitoa 1 unapata 19, ambayo haina kigawo cha pamoja na 21. Hapo unachagua namba nyingine tu.

Ugumu uko wapi, basi? Uko kwenye kukipata kipindi. Kujua baki la kipeo kimoja ulichokitaja, hata kiwe kikubwa vipi, ni rahisi kwa kompyuta ya mezani. Kinachoishinda ni kujua baki 1 litatokea kwa mara ya kwanza kwenye kipeo gani, kwa kuwa namba ya biti 2048 inayotumika katika RSA, mfumo wa usimbaji unaotegemea ugumu wa kutafuta vigawo, ina tarakimu 617, na kipindi chake kwa kawaida nacho kina mamia ya tarakimu. Hapo ndipo Peter Shor alipoingia mwaka 1994. Katika njia yake, mashine ya kwanta hushika vipeo vingi katika hali moja, kisha mawimbi ya hali hiyo huingiliana: yasiyolingana na kipindi hufutana, yanayolingana huimarishana.

Hata hivyo, mashine haikutolei 6. Kwa mfano wetu, ikitumia nafasi 512, huenda ikakupa 85. Kompyuta ya kawaida huchukua 85/512, ikaona kwamba sehemu rahisi iliyo karibu nayo ni 1/6, na asili ya sehemu hiyo ndiyo kipindi. Pengine itakupa 171, ambayo husomeka kama 1/3. Ukijaribu 3 unakuta 2^3 inaacha 8, si 1, kwa hiyo unajua umepewa kipindi cha uongo na unarudia. Uhakiki huo nao hauhitaji kwanta.

Ningeandika hivi: "Kompyuta ya kwanta husaidia kupata kipindi cha mabaki, kompyuta ya kawaida hukitumia kutafuta vigawo." Neno "huvunja" liachie habari za usimbaji: siri huvunjwa, namba hutafutiwa vigawo.

Kuna kosa moja ambalo mhariri wako hakuligusa, nami naliona kila mara hata kwenye vitabu vya shule. Umeandika "vigawe". Kigawe cha 21 ni 42, au ile 63 tuliyoipata hapo juu. Zile 3 na 7 ni vigawo.