Fildi sifuri haimaanishi potensho sifuri: anza na mchoro

Nimefundisha tuisheni ya fizikia kwa fom siksi muda mrefu sasa, na swali la chaji mbili bado linawasumbua wengi. Mwanafunzi anatafuta vizuri kabisa nukta ambayo fildi ni sifuri, halafu akiulizwa potensho ya hapo anaandika sifuri bila kupiga hesabu, kwa sababu anaona kama fildi haipo basi hakuna kitu. Ushauri wangu ni kwamba hivyo vitu viwili uvihesabu kila kimoja kivyake, na kabla ya hesabu uchore mishale.

Tuchukue mfano ninaoutumia sana. Chaji A ni +4 nC, chaji B ni +1 nC, ziko umbali wa sm 30. Fildi ya chaji moja ni kq/r² na ina mwelekeo, potensho yake ni kq/r na haina mwelekeo, ni namba tu yenye alama ya chaji. Sasa simama kwenye mstari unaoziunganisha, sm 20 kutoka A, maana yake uko sm 10 kutoka B. A inakupa fildi ya 900 N/C kwenda upande wa B, na B nayo inakupa 900 N/C kwenda upande wa A, zinauana zote, unabaki na sifuri. Lakini potensho? A inatoa volti 180, B inatoa volti 90, zote chanya, hakuna cha kuziua, jumla ni volti 270. Yaani ukitaka kuleta chaji ndogo ya 1 nC toka mbali sana mpaka hapo, huku A na B zimeshikiliwa zisisogee, lazima ufanye kazi ya nJ 270, hata kama ukishafika huisikii nguvu yoyote. Kazi uliifanya njiani, kule ambako fildi ilikuwa inakusukuma urudi ulikotoka.

Fildi inakwambia potensho inabadilika kwa kasi gani ukisogea, haikwambii potensho ni kiasi gani. Fikiria ile nyika kati ya Kibo na Mawenzi kule Kilimanjaro, hapo katikati ardhi ni tambarare kabisa lakini uko zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, na hakuna mtu atakayesema kimo chake ni sifuri eti kwa sababu hakuna mteremko.

Na usiishie kuamini tu, pima mwenyewe kwa kusogea kidogo. Toka kwenye ile nukta sm 1 kwenda B, utapata kama volti 271.4. Rudi, nenda sm 1 kwenda A, kama volti 271.3. Kwa hiyo pande zote mbili inapanda. Sasa toka nje ya mstari, sm 1 pembeni, inashuka mpaka kama volti 269.3. Umeona? Ni sawasawa na kule mlimani, unapanda ukielekea vilele na unashuka ukienda pembeni. Ndo maana chaji chanya ukiiweka hapo haitulii, ikiyumba kidogo tu kwenda pembeni inakimbia moja kwa moja, na hili halitegemei namba zangu, mpangilio wowote wa chaji zilizotulia hauwezi kuishika chaji nyingine ikatulia pande zote.

Sasa kuna mtego wa hesabu ambao naona unakula maksi za watu wazuri kabisa. Ukiandika 4/x² = 1/(30 − x)² na kutatua kwadratiki unapata x = 20 na x = 60. Hiyo 60 iko nje, sm 30 kupita B. Pale fildi mbili zina ukubwa sawa kweli, 100 N/C kila moja, ila zinaelekea upande mmoja, jumla ni 200 N/C na sio sifuri. Ile ekwesheni inalinganisha ukubwa tu, haijui mwelekeo, mwelekeo uko kwenye mishale yako, kwa hiyo kama hukuchora huna namna ya kujua ipi ya kutupa.

Halafu badilisha B iwe −1 nC uone. Ekwesheni ni ileile, majibu ni yaleyale mawili, ila safari hii 20 ndo inatupwa na 60 ndo jibu. Potensho pale ni 60 toa 30, yaani volti 30. Kwenye mstari huohuo, ukitafuta pale potensho ilipo sifuri, utakuta moja iko sm 24 kutoka A na nyingine sm 40 kutoka A, na kote huko fildi ipo.