Mkopo wa milioni 3 na kadi ya pikipiki: usome wapi kwanza?

Swali: "Habari mtaalamu. Nimepewa mkataba wa mkopo wa shilingi milioni 3, miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi, dhamana ni kadi ya pikipiki yangu. Kurasa ni nyingi. Niangalie nini kabla ya kusaini?"

Jibu: Ukurasa wa kwanza uache, fungua ratiba ya marejesho, kwa kawaida huwekwa mwishoni. Tazama rejesho la mwezi. Likiwa 340,000, riba yako inahesabiwa juu ya milioni 3 nzima mpaka mwezi wa mwisho, hata ukiwa umeshalipa nusu ya deni. Utarudisha 4,080,000. Ingekuwa inahesabiwa kwenye salio linalopungua, asilimia 3 hiyo hiyo ingekupa rejesho la kama 301,400, na riba yote isingefika 620,000. Tofauti ni zaidi ya laki nne na nusu, na maneno "asilimia 3" hayajabadilika.

Kisha uliza: mkononi napata shilingi ngapi? Wakikata ada ya maombi asilimia 3 na bima 30,000, unaondoka na 2,880,000, ila riba unalipia milioni 3.

Sasa kipengele cha adhabu. Nimekaa dirisha la mikopo miaka kadhaa, na hapa ndipo wateja wengi walipoumia. Tafuta neno linalofuata baada ya asilimia. "Asilimia 5 ya rejesho lililochelewa" ni 17,000. "Asilimia 5 ya deni lililobaki" ni jambo jingine: umeshalipa miezi mitatu, limebaki 3,060,000, kuchelewa mara moja kunakugharimu 153,000. Angalia pia kama inatozwa mara moja, kwa mwezi au kwa siku. Kama hawakuandika, waandike na wasaini pembeni. Maneno ya afisa hayatakusaidia siku afisa huyo akihamishwa tawi.

Ukiona "riba inaweza kubadilishwa kwa uamuzi wa mkopeshaji", dai iongezwe taarifa ya maandishi, siku ngapi kabla, na haki ya kulipa deni lote bila faini kama hukubaliani na riba mpya.

Mwisho ni kadi. Soma dhamana inashika deni lipi. Sentensi ya hatari husema inasimamia "madeni yote ya mkopaji, ya sasa na ya baadaye". Kwa maneno hayo unaweza kumaliza milioni 3 zako na kadi isirudi, kwa sababu ulimdhamini shemeji yako hapo hapo naye hajalipa. Omba ifutwe, iandikwe "mkopo huu tu", pamoja na idadi ya siku ambazo kadi itarudishwa baada ya rejesho la mwisho. Wakikataa kugusa sentensi hiyo, mimi nisingewaachia kadi.