Integrali ya e^(-x²) ilivyonila dakika ishirini za mtihani

Mwaka wa kwanza chuo nilikutana na swali la kutafuta integrali ya e^(-x²) kuanzia 0 hadi 1, kosa lisizidi 0.001. Nikajaribu sabstitusheni, nikajaribu baipatsi, dakika ishirini zikaenda na sijapata kitu. Kumbe Mfaransa Liouville alishathibitisha tangu miaka ya 1830 kwamba hii haina jibu la fomula za kawaida, kwa hiyo hata ungekesha usingeipata. Swali likikutajia kosa lisizidi kiasi fulani, ujue wanataka mfululizo.

Usianze kuidifrenshieti mara kumi kama nilivyokuja kufanya baadaye, utaumia bure. Chukua mfululizo wa e^u unaoujua, pale penye u weka -x², halafu intigreti temu moja moja, ukiweka 0 na 1 unapata

```
1 - 1/3 + 1/10 - 1/42 + 1/216 - 1/1320 + ...
```

Hizo namba za chini ni n! mara (2n+1), mfano 216 ni 24 mara 9.

Sasa kosa. Alama zinapishana, jumlisha, toa, jumlisha, na temu zinapungua kuelekea sifuri, basi kosa halizidi temu ya kwanza uliyoiacha. 1/216 ni kama 0.0046, bado kubwa kwa hiyo huwezi kuiacha, ila 1/1320 ni kama 0.00076, hiyo iko chini ya 0.001, iache. Jumlisha tano za mwanzo upate 0.7475. Na kwa kuwa uliyoiacha ni ya kutoa, jibu la kweli liko chini kidogo ya hapo (ni 0.7468), hiyo taarifa unapewa bure na wengi hawaiandiki.

Wengi wanapokosea ni kupima kosa kabla ya kuintigreti, wanaona 1/120 badala ya 1/1320 wanaongeza temu isiyohitajika. Wengine wanakata desimali mapema, kila temu sehemu tatu tu, makosa yanarundikana, we beba sehemu sita mpaka mwisho ndo ukate.

Halafu kuna mtego wa mpaka wa juu. Badili 1 iwe 3 uone, temu zinakwenda 3, 9, 24.3, 52... zinapanda mpaka karibu 190 ndo zianze kushuka, wakati jibu lenyewe ni kama 0.886 tu. Mfululizo bado unafika, lakini ile kanuni ya temu uliyoiacha huwezi kuitumia mpaka uvuke kilele, na kalkuleta inatoa mamia kwa mamia ili ibaki na namba ndogo hivyo, zile desimali za mwisho usiziamini. Kwa 3 mimi natumia Simpson, mfululizo nauachia mipaka midogo kama 1 au nusu.